Riflekta ya kampuni yetu imevaliwa na mtu tusiyemjua. Nibadili rangi?

Mwenye_Chombo_MT: Wakuu, habari za jioni. Nina madereva 14 hapa Mtwara mjini, tunabeba abiria na vifurushi mpaka Mikindani. Pikipiki 9 zangu, 5 za madereva wenyewe. Juzi mama mmoja wa Chikongola alimkabidhi kijana doti sita za khanga kwa sababu alivaa riflekta yetu ya kijani. Kijana si wetu. Riflekta ile aliondoka nayo dereva aliyeacha kazi. Khanga hazikufika, nimelipa mimi. Nataka sare mpya na kupaka matangi rangi moja. Rangi gani haiigwi?

Shangani_Boy: Weka chungwa inayowaka, mkuu. Inaonekana mchana na usiku, hakuna wa kukuiga.

Mchapaji: Mchana sawa. Usiku kinachorudisha mwanga wa taa ni ile mikanda ya fedha, rangi haisaidii. Na rangi zinazowaka ndizo zinapauka mapema kwa jua letu. Kabla hujalipa, omba kipande cha kitambaa, funika nusu yake kwa bati, kiache juu ya paa wiki tatu, kisha ulinganishe.

Ila ndugu, yule mama hakuibiwa na rangi. Riflekta zako zote zinafanana, ndiyo maana aliyeacha kazi ameondoka na jina lako. Chapa namba kubwa mgongoni na kifuani, 01 hadi 14, na namba hiyohiyo kwenye boksi. Mteja akiagiza, mtumie ujumbe: "Anakuja namba 07, Juma." Akija mwingine, asitoe mzigo. Dereva asaini daftari anapochukua sare, na uzuie sehemu ya malipo yake ya mwisho mpaka airudishe. Akiondoka nayo, ifute namba hiyo, mpya apewe 15. Hata akimtukana abiria au akipita upande usio wake, mtu anakupigia anataja namba, hasemi tu "kijana wenu mmoja".

Mama_wa_Lindi: Mimi dereva alinipa kofia ngumu inanuka jasho, nikashuka. Hilo nalo mliangalie.

Mwenye_Chombo_MT: Dada, nimekusikia, nitanunua vitambaa vya ndani vya kubadilisha. Mchapaji, stika za tangi je?

Mchapaji: Petroli inamwagika wakati wa kujaza, wino unalainika na kingo zinanyanyuka kuanzia karibu na kifuniko. Weka stika ubavuni, chini ya usawa wa kifuniko, na juu yake ilazwe plastiki angavu.

Dereva_Mkanaledi: Bosi, sisi wenye pikipiki zetu tukipakwa rangi yako, siku tukiachana nani analipia kuirudisha? Boksi sawa, tangi langu hapana.

Mchapaji: Ana haki. Kwa hao watano, boksi na sare vitoshe.

Mwenye_Chombo_MT: Lakini mteja akiona tangi jekundu na jingine jeusi, atajuaje ni kampuni moja? Hapo bado sijaridhika. Namba naanza nazo wiki hii.