Asilimia ya dashibodi inapanda kila data mpya ikiingia, na mkuu anafurahi. Nifanyeje?

Mpiga_Kasia (Unguja)
Assalam alaykum wadau. Tunafanya utafiti wa maji majumbani, wilaya mbili: Magharibi B na Kusini. Tumechagua kaya 300 kila wilaya, wadodosaji wanatuma kwa KoboToolbox na dashibodi ya Power BI inajisasisha usiku. Swali kuu ni kama kaya ina mfereji wa maji ndani ya uwanja wake. Namba nimezibadilisha kwa sababu ripoti haijatoka, ila sura yake ndiyo hii.

Kusini walimaliza mapema: kaya 285 zilijibu, 57 zikasema ndiyo. Wakati huo Magharibi B zilikuwa zimeingia 60 tu, ndiyo 36. Dashibodi ikaonesha 27%. Sasa Magharibi B wamefika 195, ndiyo 117, na dashibodi inasema 36%. Mkuu wangu ameshaandika kwenye slaidi kwamba "hali inaimarika". Mie naona kuna kitu hakijakaa sawa.

Kijiti_Upele
Sampuli ndogo hiyo. Ongezeni kaya, namba itatulia.

BintiMtambwe
Haitatulia, au itatulia pahala pabaya. Tazama kila wilaya peke yake: Magharibi B ilikuwa 36 kwa 60, yaani 60%. Leo ni 117 kwa 195, bado 60%. Kusini ni 20% tangu mwanzo. Hakuna kaya hata moja iliyofungiwa mfereji baina ya tarehe hizo. Kilichobadilika ni nani kaingia kwenye hesabu.

Mpiga Kasia, orodha yenu ina kaya ngapi kila wilaya?

Mpiga_Kasia
Tuseme 90,000 Magharibi B na 10,000 Kusini.

Fundi_Takwimu_Wete
Basi dawa ni uzito. Magharibi B 90,000 gawa kwa 300, kila kaya inasimama badala ya kaya 300. Kusini 10,000 gawa kwa 300, ni 33 na kidogo. Zidisha, jumlisha, utapata 54%. Kwisha kazi.

BintiMtambwe
Nusu ya kazi, ndugu yangu. Umegawa kwa waliochaguliwa, wakati waliojibu ni 195 na 285. Ukijumlisha uzito wako wa Magharibi B unapata kaya 58,500, na wilaya ina 90,000. Zilizobaki zimekwenda wapi? Gawa kwa waliojibu: 90,000 kwa 195 ni kama 461.5, na 10,000 kwa 285 ni kama 35.1. Jibu linakuwa 56%. Kwenye Power BI usitumie wastani wa kawaida, andika:

```
DIVIDE(
  SUMX(kaya, kaya[maji] * kaya[uzito]),
  SUM(kaya[uzito])
)
```

`maji` iwe 1 au 0. Waliojibu "sijui" uwachuje kwanza, la sivyo uzito wao unabaki chini ya mstari na asilimia inashuka bure.

Lakini hesabu hii ni ya mwisho wa kazi. Mdodosaji akiwa bado hajafika shehia fulani, kaya za huko hazijakataa, zinangoja. Ukizihesabu kama wasiojibu, unaufanya uwanja wa Fuoni uzungumze kwa niaba ya shehia ambayo haijaguswa. Mpaka wamalize, mie ningeondoa ile namba ya jumla kwenye skrini nikaacha za wilaya, pembeni idadi ya waliojibu na kaya zilizosalia kutembelewa.

Mwalimu_Skuli_Konde
Samahani naingilia. Sisi tulihoji wanafunzi wa skuli tatu, tulichukua waliokuwepo darasani siku hiyo. Na sisi tunaweza kuweka uzito?

BintiMtambwe
Mwalimu, mnaweza kuulinganisha na rejista, ila watoro hamkuwapa nafasi yoyote ya kuchaguliwa. Uzito hauwarudishi.

Dau_la_Mkoani
Nami nina swali kwa mwenye uzi. Hao 105 wa Magharibi B ni nani hasa? Nimewahi kuwa msimamizi: mdodosaji anagonga saa nne asubuhi, watu wako kazini mjini, anaandika "hawapo". Nyumba tupu isiyo na mkaazi haifai kuhesabiwa kabisa, lakini mlango uliofungwa kwa muda ni kaya inayodaiwa. Na uwaulize kama wamebadilisha nyumba kwa jirani. Kwetu walikuwa wakifanya hivyo kimya kimya, dashibodi ikaonesha lengo limetimia 100% na kiwango cha mwitikio hakikujulikana tena.

Mpiga_Kasia
Nimefungua fomu. Kati ya 105, nyumba tupu 15, waliokataa 12, "hawapo" 78. Karibu zote zimegongwa mara moja tu, kabla ya adhuhuri.

Fundi_Takwimu_Wete
Basi ukitoa zile tupu 15, waliojibu Magharibi B ni 195 kwa 285, si kwa 300. Ni 68%.

BintiMtambwe
Naam, hapo umenena. Na zile tupu zitoke pia kwenye uzito: 15 kwa 300 ni 5%, kwa hiyo ile 90,000 huenda ni kama 85,500 zenye watu. Jibu litasogea chini ya nukta moja. Wanaonitia wasiwasi ni wale 78. Hesabu yetu inachukulia kwamba wanafanana na waliokutwa nyumbani asubuhi. Wenye ajira mjini pengine wana mifereji zaidi, pengine ni wapangaji wa chumba wanaochota kwa jirani. Warudi jioni baada ya magharibi, angalau kwa nusu yao.

Mpiga_Kasia
Bajeti ya usafiri ya wadodosaji imebaki ya siku mbili. Nitawapeleka jioni kwenye shehia zenye "hawapo" wengi. Slaidi ya mkuu ndiyo sijui naanzia wapi.

Dau_la_Mkoani
Mpelekee jadweli ya wilaya mbili tu, zamani na sasa, ajionee 60 na 60, 20 na 20. Ila usimpelekee mbele ya wafadhili.

Kijiti_Upele
Mie bado nasema kaya 300 ni chache.