Mrejesho: mchapuko wa yoyo inayoshuka

Swali langu: "Yoyo ikishuka kwenye uzi wake huku inazunguka, mchapuko wake unapatikanaje?"

Wakuu, nimeupata. Kushuka: mg − T = ma, T ikiwa mkazo wa uzi. Kuzunguka: Tr = Iα, r ikiwa nusukipenyo cha mhimili unaoviringwa uzi, I ukinzani wa yoyo dhidi ya kuzungushwa, na α mchapuko wa mzunguko; uzi usipoteleza a = rα. Ondoa T, inabaki a = g/(1 + I/mr²).

Yoyo yangu ni kama diski, I = ½mR². Nusukipenyo cha diski R ni sm 3, cha mhimili r ni sm 0.5, basi a = 9.8/19 ≈ 0.52 m/s². Mita 1 ingechukua karibu sekunde 2. Lakini nilipoiachia hapa Kirumba kwa uzi mnene wa kushonea nyavu, ilifika mapema zaidi: uzi ulioviringwa hunenepesha mhimili, r inakua, na mwanzoni mchapuko unakuwa mkubwa zaidi.