Tupeane uzoefu: mkasa kurasa mbili, swali mstari mmoja

Kijana wa Kondele
Nimemkuta mdogo wangu anasomea mtihani wa mawakili, karatasi ya zamani yote ameipaka kalamu ya njano, hadi jina la ng'ombe. Nimekumbuka mbali. Nani mwingine alishawahi kumezwa na mkasa wa mtihani?

Binti Ahero
Usinikumbushe. Urithi, maksi 20. Karatasi ya maksi 100 kwa masaa matatu, kwa hivyo swali hilo lilikuwa na dakika 36. Mzee amekufa bila wosia, wake wawili, watoto tisa, duka Luanda, shamba la mahindi ekari tano huko Bungoma. Nikaanza juu kama mtu mwadilifu. Nikachora ukoo, nikagawa mali kwa nyumba mbili kulingana na kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi, kila mjane nikamhesabu pamoja na watoto wake. Kurasa tatu, mwandiko mzuri! Kugeuza karatasi nihakikishe sijasahau kitu, mstari wa mwisho unasema: "Mpe Barasa ushauri." Barasa ni nani jameni? Katika ukoo wangu hakuna Barasa. Kurudi juu, kumbe ni mnunuzi, alimpa kifungua mimba wa marehemu laki nne za shamba miezi mitatu baada ya mazishi. Zilikuwa zimebaki dakika saba. Mate yalikauka.

Mtoto wa Bahati
Hiyo karatasi nilikuwemo. Nilimwona jamaa mmoja akicheka peke yake.

Otis Nyalenda
Ndiyo maana mimi husoma mstari wa mwisho, natafuta jina la mteja, nasoma aya zenye jina lake tu. Nyingine naruka. Nimepita zote.

Wakili Mstaafu wa Milimani
Otis, nusu yako ni sawa. Kuanzia chini, ndiyo. Lakini kwa Barasa, aya ya kifo haina jina lake, na humo ndimo jibu lilimo. Shamba bado ni la marehemu. Mtoto hana hati ya usimamizi, na hata angekuwa nayo, kifungu cha 82 hakimruhusu kuuza ardhi kabla hati haijathibitishwa. Kwa kifungu cha 45 ameingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai.
Mimi nilikuwa nikishasoma mstari wa mwisho naandika pembeni maneno matatu: nani, dhidi ya nani, anataka nini. Barasa, dhidi ya mtoto, shamba au pesa. Sasa ukisoma mkasa, wake wawili na watoto tisa wanapita kama abiria wa matatu nyingine. Unachosimamia ni tarehe ya kifo, tarehe ya malipo, na kama walienda bodi ya ardhi kuomba kibali cha mauzo. Ni shamba la kilimo, na hawakwenda. Mauzo ni batili, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi kinamruhusu Barasa kudai pesa yake kama deni. Ana miaka sita. Hayo yanaandikika kwa dakika 25.

Binti Ahero
Ungekuwa umekaa dawati la nyuma yangu, Mzee.

Mama Njoro
Asante sana. Huyu wangu yuko kidato cha nne, ufahamu wa Kiswahili unamshinda. Naye aanze na mstari wa mwisho?

Mtoto wa Bahati
Mama, asome maswali yote kwanza. Kule hakuna Barasa.

Kijana wa Kondele
Na swali likisema "jadili masuala yote ya kisheria"?

Wakili Mstaafu wa Milimani
Hapo mstari wa mwisho haukupi kitu, soma kutoka juu. Pia chunga sehemu ya (b) inayoanza na "chukulia kwamba". Hiyo hubadilisha mkasa. Ukiisoma pamoja na (a) unaweza kumjibu mteja ambaye bado hajazaliwa.

Otis Nyalenda
Mimi bado naruka. Matokeo yanaongea.

Binti Ahero
Matokeo ya bahati, Otis.

Mkulima Kitale
Samahani wakubwa. Mimi ni huyo Barasa. Ekari moja na nusu, mtoto wa marehemu, hatukwenda bodi. Nimelima misimu mitatu, sasa ndugu zake wamekuja na mapanga. Napata shamba au pesa?

Otis Nyalenda
Buda, hapa ni mitihani.

Mtoto wa Bahati
Otis acha dharau, mtu analia.

Wakili Mstaafu wa Milimani
Mkulima, kwanza ripoti hayo mapanga polisi. Kuhusu shamba, majaji wenyewe wamevutana: wengine humlinda mnunuzi aliyekabidhiwa shamba hata bila bodi, wengine husema batili ni batili. Pesa ndiyo njia fupi. Ulilipa lini, na una karatasi?

Mkulima Kitale
Mwaka wa nne huu. Karatasi iko. Aliandika nyuma ya kadi ya mchango wa mazishi.