Wiki 3 mnamgombeza mpimaji na mzani wake, kumbe lita zimezaliwa kwenye kompyuta!!

mchunga_namba:

Wakuu habari za jioni, leo nina hasira kwelikweli. Niko upande wa data kwenye ushirika mmoja wa maziwa, jina naliacha. Malipo ya mwezi wa nne yametoka yanasoma lita 49,692.5 wakati maziwa ya hivyo hayakukusanywa, na lita tunalipa 1,000, sasa piga hesabu mwenyewe. Kabla hata mtu hajafungua faili moja bosi kashasema wapimaji wanaandika maziwa hewa, dada wa watu wa kituo kimoja kasimamishwa, fundi mizani kaitwa mara 2 na mara zote 2 kasema mzani uko sawa, na bado vikao vinaendelea kuhusu mzani!!

Namba yetu inapita sehemu 3 tu jamani. Mpimaji anaingiza kwenye simu, hilo ndo faili ghafi. Skripti inatoa mistari iliyojirudia maana mtandao ukikata simu inatuma mara 2, hilo tunaita safi. Halafu safi inaunganishwa na orodha ya wanachama ili kila mtu apate akaunti yake ya benki, ndo linaenda kulipwa. Nimekaa jana usiku dakika 40, nikauliza kila sehemu maswali yaleyale 3, mistari mingapi, lita ngapi, wafugaji wangapi:

```python
for jina, d in [("ghafi", ghafi), ("safi", safi), ("malipo", malipo)]:
    print(jina, len(d), d["lita"].sum(), d["namba"].nunique())
```

```
ghafi 6389 48612.5 219
safi 6378 48530.0 219
malipo 6529 49692.5 217
```

Angalieni mstari wa mwisho. Kuunganisha na orodha ya akaunti hakuna ng'ombe anayekamuliwa pale, lita hazina sababu ya kuongezeka hata nusu, lakini zimepanda 1,162.5. Na kilichonitoa jasho ni hiyo 217, yaani lita zimeongezeka huku watu 2 wamepotea!! Nikashuka mpaka kwa mfugaji mmojammoja nikakuta makosa 2 yanavutana. Wafugaji 7 walibadilisha akaunti, aliyepewa kazi badala ya kufuta ya zamani akaongeza mstari mpya chini, kila siku yao ikahesabiwa mara 2, hapo zimeingia lita 1,575.0. Na wanachama wapya 2 hawajaandikwa kwenye orodha kabisa, wakadondoka na lita zao 412.5. Toa hiyo kwenye ile, unapata 1,162.5 kamili bila senti kubaki.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Mhasibu alikuwa nayo ile 48,530.0 mkononi, aliiona kwenye faili la pili, badala ya kujiuliza kwa nini faili la tatu limezidi akakata kila mfugaji asilimia 2.34 ili jumla ikae sawa!!! Jumla imekaa sawa ndiyo. Kuna mama ana lita 228 kwenye daftari lake, kila siku imesainiwa, kalipwa 222.7. Mmoja wa wale 7 ana lita 231 kalipwa 451. Mwanachama mpya ana lita 198 kalipwa sifuri, kaja ofisini na kidaftari kimeloa maziwa kwenye pembe, kaambiwa "mfumo haukuoni". Na ripoti iliyoenda kwa wenyeviti inasema tatizo limetatuliwa.

ng'ombe_3:

Pole mkuu ila hiyo ni kilo na lita hiyo, naijua. Kwetu kituo kilikuwa kinapima kilo, kiwanda kinahesabu lita, na maziwa lita moja ina kilo 1.03 hivi, tukagombana na dereva wa gari mwaka mzima tukidhani anachota njiani. Waambie wakague wanaandika nini.

mchunga_namba:

@ng'ombe_3 hiyo kweli ipo na inauma, lakini ingekuwa kilo na lita ingeonekana kabla ya faili ghafi, yaani ghafi na kiwanda ndo vingegombana. Hapa safi na malipo vinatumia safu ileile ya lita, kipimo hakijabadilika popote katikati.

kijana_wa_skripti:

Mbona rahisi, baada ya kuunganisha weka `drop_duplicates()` mistari ya ziada itaondoka, umemaliza.

fundi_majedwali:

@kijana_wa_skripti haitaondoka hata mmoja. Ile mistari 2 ina akaunti tofauti, kwa kompyuta si kitu kimoja. Ukiilazimisha iangalie namba na tarehe tu, itabakiza akaunti iliyotangulia kwenye orodha, ambayo ndo ya zamani, hela inaenda kwenye akaunti mtu aliyoiacha. Na wale 2 waliopotea hujawarudisha bado.

Mchunga, kazi nzuri, ila zuia palepale panapoharibika:

```python
malipo = safi.merge(orodha, on="namba", how="left",
                    validate="many_to_one")
```

Orodha ikiwa na mtu mara 2 itagoma kabisa kuendelea, na asiye kwenye orodha atabaki na lita zake huku akaunti iko tupu, utamwona kabla hela haijatoka. Ulivyokuwa unaunganisha bila `how`, asiyepata mwenzake anatupwa kimyakimya.

Ila nikuulize, mbona ghafi kwenda safi umepita mbio? Mistari 11, lita 82.5. Umejuaje ni marudio kweli? Skripti inaangalia nini?

mchunga_namba:

Inaangalia namba ya mwanachama, tarehe na lita, vikifanana vyote inatoa mmoja. Ni simu kutuma mara 2 tu mkuu.

fundi_majedwali:

Kuna kituo kinachopokea asubuhi na jioni?

mchunga_namba:

Kimoja kilianza jioni katikati ya mwezi.

fundi_majedwali:

Basi mfugaji akileta 7.5 asubuhi na 7.5 jioni, skripti yako inamla ya jioni. Hiyo hatua jumla inatakiwa ipungue, kwa hiyo ukiiona imepungua unaona sawa. Ndo maana ukubali tu yale unayoweza kuyahesabu upande wa pili, mstari kwa mstari kwenye daftari la kituo. 11 si nyingi.

mama_sakosi:

Na yule dada aliyesimamishwa karudishwa??

mchunga_namba:

@mama_sakosi bado, wanasema wanasubiri kikao cha Ijumaa. Nimechapa zile namba za hatua 3 kwenye karatasi moja nimeziweka mezani kwa bosi.

@fundi_majedwali nimeenda kituoni leo mchana, umenikamata. Kati ya 11 nimeshaona 4 kwenye daftari, 2 ni simu kweli, muda umepishana sekunde chache. 2 ni za jioni, zina saini ya mpimaji na saini ya mfugaji, maziwa halali kabisa na hayakulipwa. 7 zilizobaki daftari lake liko kwa yule dada, na ofisi imekataa nimpigie simu mpaka kikao kipite.