Hadithi ya kulala iwe katuni ya mtoto wa miaka 2: picha tuli, vipande, au kuchora fremu kwa fremu?

MamaNasra (Tanga)
Habari za jioni wanajukwaa. Marehemu mama yangu aliwalaza wajukuu wake wote kwa hadithi moja. Kifaranga amechelewa kurudi bandani, jua linazama. Anapita kwa mbuzi, anapita kwa punda, anapita kwa bata, na kila anapofika anauliza, "Jua limezama, nilale wapi?" Mwenyeji anamjibu, "Hapa ni pa mbuzi. Kwenu ni kule." Mwisho anamkuta mama kuku, anaingia chini ya bawa. Ndiyo yote.

Nataka kuifanya katuni ya dakika 4. Wa kwanza kuiona atakuwa mjukuu wake wa mwisho, ana miaka 2 na miezi 3. Nachora kwa rangi za maji, nina kompyuta ya kawaida, na nafasi yangu ni usiku tu kwa miezi miwili. Nimekwama kwenye njia tatu:

1. Picha tuli, kamera ikizisogelea polepole.
2. Kifaranga wa vipande (kichwa, mwili, bawa, miguu) ninayemsogeza kwenye kompyuta.
3. Kuchora kila fremu.

Nimeijaribu ya kwanza kwa dakika moja. Picha zinatetemeka kamera inaposogea, na mtoto alitazama kidogo tu akarudi kwenye vikombe vyake.

Mwl_Baraka
Dada, pole kwa msiba. Mimi nafundisha chekechea mwaka wa sita sasa. Watoto wadogo wanachoka haraka. Badilisha picha kila baada ya sekunde 3, weka rangi kali na muziki wa kuchangamsha. Tangazo likipita kwenye televisheni, darasa zima linageuka. Picha ikikaa sekunde 10 umeshawapoteza.

FundiKatuni (Nairobi)
Mwalimu, hapo kwenye kugeuka uko sahihi. Kitu kikibadilika ghafla, jicho la mtoto linakifuata lenyewe. Lakini kukodoa macho si kuelewa. Picha inapokatwa, wewe na mimi tunajua kifaranga ni yule yule, amefika mahali pengine tu. Mtoto wa miaka 2 bado anajifunza kuunganisha hivyo. Ukikata kila sekunde 3 anaona vifaranga vingi visivyo na safari. Tena hii ni hadithi ya kulaza.

MamaNasra, tuanze na hesabu, maana itakuondolea njia moja. Katuni ya kawaida ina fremu 24 kwa sekunde, na wengi wetu tunachora 12, kila mchoro ukikaa fremu mbili. Dakika 4 ni sekunde 240, kwa hiyo ni michoro 2,880. Ukichora 30 kila usiku bila kukosa, ni siku 96. Huna siku hizo.

Picha tuli peke yake nayo ina tatizo, na mtoto wako ameshakuonyesha. Kamera inasogea, lakini ndani ya picha hakuna anayefanya jambo. Kifaranga akiwa amesimama tu huku sauti inasema "akatembea, akatembea", mtoto hana cha kufuata.

Ningekuwa wewe, mandhari ningeyaacha tuli, moja refu kwa kila kituo, kwa rangi zako za maji. Kifaranga awe wa vipande. Kisha sehemu moja tu uichore kwa mkono, yaani mwendo wake. Michoro 8 inatosha hatua mbili, halafu unairudia filamu nzima. Kila mchoro ukikaa fremu 3, hatua mbili zinachukua sekunde 1. Anapoanza kusinzia kuelekea mwisho, michoro ni ile ile ila kila mmoja unakaa fremu 4. Amepunguza mwendo na wewe hujaongeza mchoro hata mmoja. Krita inakutosha kwa michoro hiyo, na OpenToonz kwa vipande. Zote ni za bure.

Mdomo usihangaike nao. Anayesema ni msimulizi, kwa hiyo acha mdomo umefungwa, na kifaranga anapouliza uinue kichwa chake tu.

Kutetemeka kunatokana na kamera kwenda polepole kuliko nukta za picha. Kila fremu inatakiwa isogee chini ya nukta moja, programu inazungusha hesabu, basi mara inasimama, mara inaruka. Skani mchoro wako uwe na upana mara mbili ya video au zaidi. Video ya nukta 1920 ipewe mchoro wa 3840 au zaidi. Ikiendelea kutetemeka, tengeneza video yote kwa ukubwa huo kisha uipunguze mwishoni.

BabaMapacha
Asante kwa mada. Mimi wangu hawali bila video. Hii ya kifaranga itawafanya wale ugali? Naipakua wapi?

MamaNasra
Baba, bado haijatengenezwa, na ni ya kulala, siyo ya kula. Kuhusu chakula fungua mada yako, hapa wapo wazazi watakaokusaidia.

Fundi, hesabu imenishtua ila nimekuelewa. Marudio je? Vituo vitatu vinafanana sana, naogopa vitachosha. Nilifikiri kila kimoja nikichore kutoka upande tofauti.

FundiKatuni
Usifanye hivyo hata kidogo. Kufanana ndiko kunakombeba mtoto. Kamera ikae pale pale vituo vyote vitatu, kifaranga aingie kwa kushoto kila mara, asimame pale pale. Kinachobadilika ni mnyama na banda lake, basi. Gawanya kituo hivi: kutembea sekunde 10, kufika na kusimama 4, swali 6, kimya 4, jibu 8, mnyama kufumba macho 8. Jumla 40. Vitatu vinakula dakika 2. Ufunguzi sekunde 25, kufika kwa mama 45, na sekunde 50 za mwisho ni kulala tu. Hizo ndizo dakika zako 4.

Sekunde 50 za mwisho usizipunguze. Bawa linapanda na kushuka, mwanga unafifia kidogo kidogo, hakuna neno. Wengi hapo ndipo wanapobandika majina yao na muziki wa kumalizia, na mtoto aliyekwisha kulegea anafumbua macho.

BiMwanaidi (Unguja)
Wanangu, mmetangulia na michoro. Rikodini sauti kwanza, kisha michoro iifuate. Ukichora kwanza utalazimika kukimbiza maneno yaingie kwenye picha, na mkimbio ule mtoto anausikia.

Mwanangu MamaNasra, maneno yako yana urefu gani?

MamaNasra
Shikamoo Bi. Nimeyaandika yakafika maneno 410.

BiMwanaidi
Marahaba. Mengi hayo. Nimesimulia watoto redioni miaka mingi. Kwa wadogo hivi, dakika moja haibebi zaidi ya maneno 80, nawe unataka na kimya ndani yake. Shuka hadi 160. Toa kila kinachoonekana. Kama uliandika, "Kifaranga mdogo wa manjano akatembea kwenye njia nyembamba ya mchanga hadi akafika kwenye zizi la mbuzi," umanjano unaonekana, njia inaonekana, zizi linaonekana. Bakisha "Akatembea, akatembea, akafika kwa mbuzi." Na maneno hayo yarudi vile vile kwa punda na kwa bata, usibadilishe hata silabi. Rikodi mara moja, tumia ile ile. Ukirikodi mara tatu, sauti itapanda bila wewe kujua.

Ufunguzi uwe "Paukwa!" Mtoto wa pwani analisubiri. Lakini nani ataitikia "Pakawa"? Mimi ningeweka sauti ya mtoto mwingine aitikie, ili mtazamaji afuatishe.

FundiKatuni
Shikamoo Bi. Kwenye maneno nimekuelewa kabisa. Kwenye kuitikia ningeacha kimya. Sauti ya mtoto ikishajibu, aliye mbele ya skrini hana kazi.

BiMwanaidi
Marahaba. Asiyewahi kuitikia atajuaje kwamba anangojewa? Weka sauti ya mtoto kwenye "Paukwa", kisha vituoni uache kimya. Nasi tutaona.

NesiRehema
Naomba niingie. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema skrini izimwe saa 1 kabla ya kulala. Sasa katuni ya kulalia inaoneshwa saa ngapi?

Kuhusu kasi, mwaka 2011 Lillard na Peterson waliwaonesha watoto wa miaka 4 katuni ya kasi kwa dakika 9, na mara baada ya hapo walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kujizuia na kufuata maelekezo kuliko wenzao waliotazama kipindi cha taratibu au waliokuwa wakichora.

FundiKatuni
Dada Rehema, Lillard na wenzake walirudi mwaka 2015 wakaona mambo yasiyowezekana ndani ya katuni yalichangia kuliko kasi yenyewe. Na hao walikuwa wa miaka 4, si 2. Mimi napunguza kasi ili mtoto aelewe, siutumii utafiti ule kama ushahidi.

Ila la saa 1 umenikamata. Labda hivi: atazame alasiri akiwa na mkubwa, na usiku asikilize sauti tu, skrini imezimwa. Kwa hiyo sauti lazima ijitosheleze. Jaribio lake ni rahisi: fumba macho, sikiliza dakika 4 zote. Ukipotea, irudie.

MamaNasra
Wapendwa, wiki tatu zimepita. Nimemaliza vituo vitatu na nimemwonesha mtoto alasiri nne. Maneno yamefika 158. Kutetemeka kumekwisha, mchoro nimeuskani kwa upana wa 4200.

Siku ya kwanza alitazama kimya. Siku ya pili, kwa punda, kabla sauti haijajibu alinyoosha kidole akasema "Kule!" Nilitoka chumbani nikalia kidogo, maana mama alikuwa akiwangoja wajukuu hapo hapo.

Kosa langu ni bata. Nilimweka wa mwisho kama mama alivyosimulia, nikamchora anapigapiga mabawa. Mtoto alicheka, akasimama, akaanza kuyapiga yake. Baada ya hapo bawa la mama kuku halikumlaza.

FundiKatuni
Bata awe wa kwanza, punda wa pili akitingisha sikio tu, mbuzi wa mwisho awe tayari amelala chini. Kwa vile vituo vyako vina urefu sawa, ni kuvihamisha tu.

BiMwanaidi
Na mama yako alipomsimulia bata mwisho, sauti yake ilikuwa imeshashuka, ndiyo maana hakumwamsha mtu. Kimya chako kina sekunde ngapi sasa?

MamaNasra
Nne, kama alivyosema Fundi. Lakini mtoto anajibu mara nyingi kwenye sekunde ya tano, sauti yangu inamkata. Nikiweka sita, dada yake wa miaka 4 anauliza kama video imekwama.

BiMwanaidi
Mfuate mdogo.

FundiKatuni
Jaribu sita, ila ndani ya kimya hicho mbuzi apumue. Kitu kikipumua, dada yake hataona kimekwama. Tuambie wiki ijayo.