Arei yanigomea: wastani watoa jibu kubwa, mwenzangu asema nichukue namba ya kati, KWA NINI?

kijana_wa_kisauni
Salaam wakuu. Nna intavyuu ya atachimenti wiki ijayo hapa mjini basi nafanya mazoezi ya LeetCode, niko namba 462. Swali lenyewe ni hivi, wapewa arei ya namba, hatua moja ni kuongeza moja au kutoa moja kwa namba MOJA tu, wataka zote ziwe sawa kwa hatua chache iwezekanavyo. Mimi kichwani nikaona hii ni wastani tu, zote zikutane katikati si ndo haki? Nikaandika hivi

```python
a = [2, 3, 5, 8, 40]
lengo = round(sum(a) / len(a))
print(sum(abs(x - lengo) for x in a))
```

Yanipa 58. Mwenzangu wa Tudor akaniambia panga arei, chukua namba ya katikati, nikapata 43. Sawa 43 ni ndogo, lakini nikimuuliza kwa nini aniambia ndo ilivyo. Sasa yule wa intavyuu akiniuliza kwa nini nimjibu ndo ilivyo?? Na ntajuaje kama hakuna 42 imejificha mahali

pwani_koda
Ni ile 40 bro. Yavuta wastani mpaka juu, hesabu yote yaharibika. Ukikutana na namba imeenda mbali na wenzake itoe kwanza, piga wastani wa zilobaki, utakuwa sawa

kijana_wa_kisauni
@pwani_koda nikiitoa si nayo pia yatakiwa iwe sawa na wengine? Hatua zake nani azilipe

pwani_koda
Azilipe baadae 😅 ukishapata lengo unairudisha kwa hesabu. Toa 40, zabaki 2 3 5 8, wastani 4.5

Ummu_Zee
Mbona mimi napata 48 na ilipita testi zote? Jumla ya namba zenyewe 58, toa mara tano ya ile ndogo, 58 - 10 = 48. Hata kupanga hupangi.

mwalimu_wa_jioni
Dada @Ummu_Zee hiyo ni namba 453, majina yanafanana sana. Kule kila hatua yaongeza moja kwa namba zote isipokuwa moja, ndo maana formula yako ni `sum(a) - n*min(a)`, na kule ni sahihi kabisa. Hapa waigusa namba moja, juu au chini upendavyo.

@pwani_koda kuhusu 40 umeona kitu lakini dawa yako si dawa. 4.5 si namba nzima, na uki-round kwa Python `round(4.5)` yakupa 4. Lengo la 4 ni 2+1+1+4+36 = 44. Umekaribia, hujafika. Halafu "imeenda mbali" ni kiasi gani? 15 je? 20? Utakuwa wakisia kwa kila arei.

Sasa @kijana_wa_kisauni sahau mediani kidogo, weka lengo lako kwa 12 pale pale ulipoliweka, kisha lisogeze chini moja moja uangalie nani afurahi nani aumia. Lengo likitoka 12 kwenda 11, walio chini yake ni wanne (2,3,5,8), kila mmoja aokoa hatua moja. Aliye juu ni 40 peke yake, aongezewa hatua moja. Wanne kwa mmoja, umeokoa 3, ya 58 yawa 55. Endelea hivo hivo 52, 49, 46, hapo ushafika kwa lengo la 8. Ukipita 8 yule wa 8 ahamia upande wa juu, sasa ni watatu kwa wawili, waokoa moja tu kila ukishuka: 45, 44, 43, na lengo ni 5. Shuka tena kwenda 4, walio chini ni wawili, walio juu ni watatu, gharama yapanda 44. Umeona? Hakuna mahali tulipouliza 40 iko mbali kiasi gani. Twahesabu VICHWA vya kila upande, si umbali wao. Hiyo 40 ifanye 4000, lengo labaki 5, gharama ndo yaongezeka. Wastani ndo unaojali umbali, wenyewe kazi yake ni kupunguza jumla ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe, swali jingine hilo.

bahari_shwari
Naongezea kuhusu 42 iliyojificha maana hilo ndo swali zuri kwa uzi huu. Zipange kisha zioanishe kutoka nje kuja ndani. 2 na 40: popote utakapoweka lengo kati yao, hatua zao wawili jumla ni 38, na ukiliweka nje ya hapo zazidi 38. 3 na 8 vivyo hivyo, hazishuki chini ya 5. 5 abaki peke yake, hawezi kwenda chini ya 0. 38+5+0 = 43. Basi 42 haiwezekani kwa lengo lolote lile, na 43 yapatikana ukisimama mahali palipo ndani ya jozi zote, yaani kwa 5. Mwambie hivyo wa intavyuu, penseli yatosha.

pwani_koda
Haya na zikiwa idadi shufwa? Mediani ya 2 3 5 8 shule twafundishwa jumlisha za kati gawa kwa mbili, ikitoka na nusu utafanyaje, kwa hivo mediani nayo ina shida zake

bahari_shwari
Haina. Hapo jozi ya ndani ni 3 na 5, popote kati yao ni sawasawa. Jaribu: lengo 3 ni 1+0+2+5 = 8. Lengo 4 ni 2+1+1+4 = 8. Lengo 5 ni 3+2+0+3 = 8. Chukua yoyote kati ya zile mbili usigawe kitu. Ndo maana watu waandika

```python
a.sort()
lengo = a[len(a) // 2]
print(sum(abs(x - lengo) for x in a))
```

bila kuuliza shufwa au witiri.

mwalimu_wa_jioni
Na kama utaandika C++ angalia jumla. LeetCode wamehakikisha jibu laingia kwa `int`, lakini swali hili hili liko CSES kwa jina Stick Lengths, huko vijiti vyafika 200000 na urefu mpaka bilioni, `int` yajaa. Utaijua tu, testi ndogo zapita zote halafu zile kubwa zatoa jibu la ajabu, mara nyingine hasi kabisa. Jumla iwe `long long`.

mzee_wa_gesi
Vijana mimi sijui hizo arei lakini nauza gesi, wateja wangu wamepangana barabara moja ya kwenda Malindi, kuanzia Nyali mpaka Mtwapa, nataka kuhamisha stoo. Kwa hivo nihesabu wateja niweke kwa yule wa katikati? Maana mmoja ana hoteli achukua mitungi mingi kuliko nyumba zote.

mwalimu_wa_jioni
Mzee wangu karibu kabisa, ila usihesabu wateja, hesabu safari. Mwenye hoteli ukimpelekea mara kumi kwa mwezi mwandike mara kumi kwenye orodha, kisha panga kwa kilomita uchukue safari ya katikati.

mzee_wa_gesi
Na wale wachache wa Likoni wanaovuka ferri?

mwalimu_wa_jioni
Hapo ndo pagumu. Foleni ya ferri si kilomita, kuvuka kwaruka gharama mara moja, ile hesabu ya kusogea kidogo kidogo yakatika hapo. Ningetafuta pahali pazuri kwa kila upande peke yake kisha nilinganishe jumla mbili. Lakini foleni ya asubuhi si ya saa sita, sijui waipa kilomita ngapi.

pwani_koda
Kilomita mia ikiwa ijumaa jioni 😂

kijana_wa_kisauni
Ya jozi nimeielewa wallahi. Swali la mwisho, akinibana aniambie kupanga ni polepole, namba ya kati naweza ipata bila kupanga arei nzima?

bahari_shwari
Waweza, tafuta quickselect, kwa kawaida yapita mara chache tu. Ila ukichagua vibaya namba ya kugawia yawa mbaya kuliko kupanga. Mimi kwa intavyuu ningepanga.

Ummu_Zee
Mimi ningeandika quickselect, wapenda kuona hiyo.