Kazi ya intavyuu ya kufanyia nyumbani: niwamwagie kila kitu au nifanye walichoomba tu?

Kimara Mwisho
Wakuu habari za jioni. Kuna sehemu hapa mjini nimeomba kazi ya udevelopa, wamenitumia kazi ya kufanyia nyumbani: nisome faili la miamala ya mawakala wa pesa za simu, nitoe kamisheni ya kila wakala kwa kila siku. Sasa nipo njia panda. Ya kwanza, nikomae kuanzia leo usiku niwawekee kila kitu, API, ukurasa wenye grafu, sehemu ya kuingilia na nywila, Docker, yaani wakifungua wabaki midomo wazi. Ya pili, nifanye walichoomba tu, testi kadhaa na ridmi, natuma nalala. Jamaa yangu mmoja alifanya ya kwanza akapata kazi, mwingine alifanya ya pili naye kapata. Ipi inalipa?

Fundi Sinza
Mkuu hujasema kitu. Wamekupa masaa mangapi? Lugha gani? Junia au sinia? Ukishatuma kuna kikao cha kuielezea au ndo basi? Unauliza nauli hujasema unashukia wapi.

Mzee wa Maksi
Vijana wa siku hizi mnakuja jukwaani kufanyiwa asaimenti za chuo. Enzi zetu tulikuwa tunakesha maktaba. Soma dogo.

Kimara Mwisho
Mzee hii siyo ya chuo, ni ya kazi.
@Fundi Sinza samahani mkuu. Imeili inasema "masaa 3 hadi 4", nirudishe ndani ya siku 5. Lugha yoyote, mi natumia Python. Faili ni CSV ya mistari kama 500. Kamisheni asilimia 1.5. API wameandika ni ya ziada ukipata muda. Nikipita kuna kikao cha dakika 45 cha kupitia nilichoandika. Nafasi ya kati, wanataka uzoefu wa miaka 2.

Baharia07
Docker weka, bila Docker hawakuangalii kabisa siku hizi. Na testi zifike asilimia mia, chini ya hapo umekwama. Mi hata kazi ya kujumlisha namba naweka Docker.

Kitasa
Msikilize mtu aliyeungua. Mwaka juzi kampuni moja walinipa kazi kama hiyo, wakasema "siku moja inatosha". Mi nikajiona mjanja. Nikaomba ruhusa kazini nikisema naumwa, nikakaa siku 6 ndani Mbagala, bando nanunua, umeme ukikatika nahamia kwa jirani mwenye sola. Nikatengeneza mfumo mzima, stoo, risiti, ripoti, rangi mpaka nembo yao nikaichora upya. Siku ya kikao jamaa akafungua, hakugusa hata ukurasa mmoja, akaenda moja kwa moja kwenye hesabu ya stoo akauliza "ukiuza bidhaa ambayo imebaki moja na wateja wawili wamebonyeza kwa pamoja inakuwaje?" Nikababaika. Ile fanksheni niliiandika siku ya kwanza usiku na sikuwahi kuirudia, nilikuwa bize na rangi. Dakika 20 tumeshamaliza. Mpaka leo hakuna imeili wala simu, na kazini mwisho wa mwezi wakanikata zile siku.

Siku hizi napenda wanaolipa kwa hizi kazi. Wasiolipa wanatafuta vibarua wa bure.

Fundi Sinza
Kitasa pole, ila masaa 4 ya kusoma CSV ya mistari 500 siyo kibarua, hamna mtu anaenda kuuza hiyo. Siku 6 ulijipa mwenyewe.

Shangazi wa Tegeta
Mimi nilipo nimekuwa nikisahihisha hizi kazi kwa miaka mitatu, siyo kampuni ya mleta uzi maana sijui ni ipi. Niseme tunavyozisoma.

Mdogo wangu, aliyekupa mistari 500 hajali kama unaweza kusoma CSV. Kuna vitu amevificha humo ndani. Kabla hujaandika chochote kaa nusu saa na faili lenyewe, panga kwa namba ya muamala, panga kwa muda, angalia yanayojirudia. Nina uhakika utakuta miamala yenye namba moja mara mbili, na utakuta muda umeandikwa kwa UTC wakati "siku" ya wakala ni siku ya Dar. Rudi utuambie.

Kimara Mwisho
Shangazi umejuaje 😳 Namba 4 zimejirudia. Tatu zinafanana kila kitu, moja kiasi ni tofauti, mstari mmoja 20,000 mwingine 200,000. Na muda una +00:00 mwishoni, mi nilikuwa nakata tu herufi 10 za mwanzo napata tarehe.

Shangazi wa Tegeta
Hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Ukikata herufi 10, kila muamala uliofanyika Dar kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku unaingia siku ya jana. Sisi tuko masaa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo siku ya Dar inaanza 21:00 ya UTC. Testi moja ya namna hii ina thamani kwangu kuliko testi 30 za kuhakikisha faili limefunguka:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

DAR = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")

def siku(muda):
    return datetime.fromisoformat(muda).astimezone(DAR).date().isoformat()

def test_saa_sita_usiku():
    assert siku("2025-03-31T20:59:59+00:00") == "2025-03-31"
    assert siku("2025-03-31T21:00:00+00:00") == "2025-04-01"
```

Sekunde moja imehamisha kamisheni kutoka Machi kwenda Aprili. Mtu akiniletea hiyo najua alifikiria.

Hiyo asilimia mia ya @Baharia07 haikuambii kitu. Ile ya kukata herufi 10 ukiipa testi ya muamala wa mchana inapita, na kipimo kinakuandikia 100 huku jibu ni bovu.

Baharia07
Sawa shangazi, ila Docker je? Hiyo siwezi kukubali.

Shangazi wa Tegeta
Docker haina ubaya, lakini kwa programu ya faili moja nitasubiri ipakuliwe kwa bando langu ili niendeshe amri moja. Weka kama ni kazi ya dakika 10 kwako. Usiweke kama ndo unajifunza leo.

Fundi Sinza
Na zile mbili zinazopingana, 20,000 na 200,000, zinaenda wapi? Mi ningechukua ya mwisho, maana ndo marekebisho.

Shangazi wa Tegeta
Umejuaje ni marekebisho? Inaweza kuwa mtu kakosea sifuri. Mimi zinazofanana kabisa ningehesabu moja, inayopingana ningeitoa kwenye hesabu na kuitaja mwishoni kwenye ripoti ili binadamu aamue. Lakini ukichukua ya mwisho na ukaandika kwenye ridmi kwa nini, sikukati maksi. Ninayemkata ni yule aliyechukua mojawapo bila kujua kama amechukua.

Nyuzi Nne
Kwa nini asiwaulize tu kwa imeili? Siku 5 anazo.

Fundi Sinza
Ataonekana hajiamini.

Nyuzi Nne
Kwani ukiwa kazini hauulizi? Swali moja, siyo kumi. Mi ningeuliza la kamisheni, inapigwa kwa kila muamala au kwa jumla ya siku? Maana hela inabadilika. Miamala mitatu ya 1,250, asilimia 1.5 ya mmoja ni 18.75. Ukifanya kila mmoja kuwa shilingi kamili ni 19, mara tatu 57. Ukijumlisha kwanza unapata 3,750, kamisheni 56.25, unaandika 56. Shilingi moja, lakini wakala ndo atakuja kugombana na wewe.

Shangazi wa Tegeta
Nyuzi Nne hilo swali zuri, hilo ningeuliza. Wasipojibu mpaka kesho, chagua moja na uandike. Ridmi isizidi ukurasa: amri ya kuendesha, amri ya testi, maamuzi matatu (siku, marudio, kamisheni), na ulichoacha kwa makusudi. API weka hapo kwenye "ulichoacha", na sentensi moja ungeifanyaje.

Muda ningeugawa hivi: nusu saa kusoma faili, masaa mawili hesabu yenyewe, dakika 45 testi, nusu saa ridmi, na dakika 15 za mwisho ambazo watu wengi hawazitumii: `git clone` kwenye folda mpya kabisa, halafu fuata ridmi yako kama ulivyoiandika, usiongeze kitu kutoka kichwani.

Kimara Mwisho
Nimefanya hiyo ya folda mpya kwenye laptopu ya sista yenye Windows, imegoma 😭

```
ZoneInfoNotFoundError: 'No time zone found with key Africa/Dar_es_Salaam'
```

Kwangu Linux inapita vizuri kabisa.

Fundi Sinza
Windows haina orodha ya saa za kanda ambayo Python inaweza kuitumia. `pip install tzdata`, halafu iandike kwenye `requirements.txt`. Na kama wana Python ya zamani chini ya 3.11 na muda wako ungekuwa unaishia na herufi Z, `fromisoformat` ingekataa pia. Wewe una +00:00 umepona. Andika tu toleo unalotumia.

Kitasa
Ona sasa, ungetuma bila hiyo folda wangekuambia "tutakupigia".

Kimara Mwisho
Imekubali. Wamejibu pia, kamisheni ni kwa kila muamala. Ila kuna moja, nimetumia masaa 6 na nusu jumla, umeme ulikatika mara mbili nikapoteza mtiririko. Kwenye ridmi wameomba niandike muda niliotumia. Naandika 4 au 6 na nusu?

Baharia07
4. Kila mtu anaandika 4.

Nyuzi Nne
Andika ukweli. Komiti zako zina saa, wakifungua `git log` wanaona umeanza saa ngapi umemaliza saa ngapi.

Baharia07
Komiti haionyeshi kama ulikuwa unakula ugali hapo katikati.

Shangazi wa Tegeta
Andika 6 na nusu na useme mbili na nusu za ziada zilienda wapi. Ingawa kuna wenzangu ofisini wanaona sita ni nyingi kwa mtu wa miaka 2, tumeshabishana sana kwa hilo.

Mzee wa Maksi
Kumbe ni ya kazi kweli. Dogo wanapokea na watu wa PHP?

Kimara Mwisho
Mzee tangazo linasema lugha yoyote. Nimetuma saa nne hii usiku, nimeandika 6 na nusu. API sijagusa, na hiyo ndo inaninyima usingizi.